Kisanduku cha Wiki ya Tatu

Kila mwezi, siku chache kabla haujaisha, Matroni Eustadia Lugembe alijifungia ofisini na chupa yake ya chai, akaandika ratiba ya zamu za wauguzi kama watu wengine wanavyowaandikia barua ndugu zao walio mbali. Hakuchora mstari hata mmoja. Aliandika sentensi. Kila muuguzi alipewa aya yake, na ndani ya aya hiyo zilikaa wiki zake nne, sababu za wiki hizo, nasaha kidogo, na kijembe pale kilipohitajika.

Mwezi uliopita, kwa mfano, Abdulatifu alisomewa mbele ya wenzake kwamba “saa yake hutembea kwa magoti, kwa hiyo aingie jioni, maana kufika jioni hata yeye huwa ameshaamka.” Abdulatifu alicheka kuliko wote, na mwezi mzima hakuchelewa. Ndivyo karatasi za Matroni zilivyofanya kazi. Watu walizisubiri ubaoni kama wanavyosubiri matokeo ya mpira, kila mmoja akisoma yake kwanza na ya jirani yake baadaye, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba ratiba haina mpangilio. Kituo chenyewe kilikuwa kidogo, pembezoni mwa Itetemia, mahali ambapo nyumba za Tabora zinaanza kuyaachia nafasi mashamba ya karanga. Wauguzi wa wodi walikuwa sita tu. Kwa watu sita, nani anahitaji majedwali?

Waliohitaji walikuwa wakubwa. Ilikuja barua pepe kwamba kuanzia mwezi wa sita kila kituo kitume ratiba yake katika ukurasa mmoja, majina yakishuka pembeni, wiki zikipangwa juu, na ifike kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa. Matroni aliisoma mara mbili, akavua miwani.

“Mtu hawekwi kwenye kisanduku akiwa hai,” alisema, kisha akaisukuma kazi kwa Recheli.

Recheli alikuwa katibu muhtasi wa kituo, Mgogo wa Mpwapwa aliyeletwa Tabora na ndoa. Mumewe, Festo, alikuwa mmoja wa wale wauguzi sita. Na kwa kuwa Recheli alikuwa Mgogo na Matroni alikuwa Mnyamwezi wa kuzaliwa pale pale Itetemia, hawa wawili walikuwa watani, na utani wao haukuwa na likizo. Tangu zamani za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wanabeba mizigo kwenda pwani, iliwabidi wapite Ugogo, na Wagogo hawakumpitisha mtu bila ushuru. Ugomvi ule ulikwisha zamani, ukaacha utani. Mtani anaweza kukuchukulia kanga yako kwenye kamba, na wewe huruhusiwi kununa. Matroni alimwita Recheli “mtoza ushuru.” Recheli alimwita Matroni “mpagazi.” Wageni waliposikia kwa mara ya kwanza walishtuka, wakatafuta mlango.

“Shikamoo, mpagazi wangu,” Recheli alisema Alhamisi ile asubuhi, akipokea karatasi tatu zilizochapwa upande mmoja.

“Marahaba, mtoza ushuru. Hizo hapo. Nimezichapa mwenyewe kwa vidole viwili. Wewe zipange tu kwenye hivyo visanduku vyao, usiongeze neno wala usipunguze.”

“Na vijembe nivipange wapi?”

“Kama hakuna kisanduku cha vijembe, waambie hao wakubwa jedwali lao lina upungufu.”

Juu ya meza ya Matroni palikuwa na picha ya mtoto mchanga aliyevaa kofia ya sufu. Alikuwa mjukuu wake wa kwanza, wa Kigoma, na kofia ile alikuwa ameifuma yeye na kuituma kwa treni. Sasa mtoto alikuwa na miezi saba, kofia ilikuwa imeshambana, na bibi yake hajamtia machoni. Kila aliyeuliza alijibiwa neno moja: mwezi ujao. Recheli alikuwa ameacha kuuliza tangu mwezi wa pili, si kwa heshima, ila kwa sababu utani unaorudiwa unakuwa masimango.

Alirudi kwenye meza yake, akafungua kompyuta, akalaza ukurasa ili upate upana. Akaweka jedwali la safu tano na mistari saba: safu ya kwanza ya majina, nne za wiki, mstari wa kwanza wa tarehe, sita ya watu. Juu akaandika wiki ya kwanza, tarehe 1 hadi 7, kisha 8 hadi 14, kisha 15 hadi 21, kisha 22 hadi 28, siku mbili za mwisho akaziachia ratiba inayofuata. Pembeni, kwa kufuata karatasi, akaandika Mektilda, Xavery, Festo, Julieth, Apolinaria, Abdulatifu. Chini akaweka ufunguo: A ni asubuhi, J ni jioni, U ni usiku, M ni mapumziko, L ni likizo. Kisha akaanza kusoma sentensi na kuzikamua, kila sentensi itoe herufi yake.

Kazi ile ilikuwa na uchungu wake. “Mektilda, ambaye daktari amemkataza usiku kwa ajili ya shinikizo la damu, na mimi naongeza kumkataza chumvi, aingie asubuhi wiki mbili, jioni moja, kisha arudi asubuhi.” Sentensi nzima, pamoja na chumvi yake, iligeuka kuwa A, A, J, A. Julieth, aliyekuwa amebakiza mwezi mmoja na siku chache kujifungua, alikuwa ameandikiwa aya ndefu kuliko wote, yenye ushauri wa viatu, na sheria ilikuwa imetajwa mle kwamba mjamzito wa miezi ile haguswi na zamu ya usiku. Akabaki A, J, A, J. Recheli alihisi anachinja kuku wa mtu na kumrudishia manyoya.

Aya ya Festo aliisoma taratibu zaidi, kama ambavyo ungefanya wewe. “Festo aingie jioni, kisha asubuhi. Wiki ya tatu asionekane hapa. Ni likizo yake, ampeleke baba yake macho, na safari hii sitaki kusikia habari nyingine. Wiki ya nne arudi asubuhi, atueleze mzee ameona nini cha kwanza.”

Hapo Recheli alisimama kidogo. Baba mkwe wake, Mzee Ngollo, aliishi Igunga, akichunga ng’ombe wake kwa sauti tu tangu mtoto wa jicho alipomfunga macho yote mawili. Madaktari wa macho walikuja Nzega mara moja kwa mwaka, wakapasua watu kwa siku chache na kuondoka, na mgonjwa alitakiwa aje na ndugu wa kumshika mkono na kumtia dawa baadaye. Mwaka jana walikuja Festo akiwa zamu ya usiku. Ilishindikana kumpata wa kumpokea zamu, siku zikapita, gari la madaktari likaondoka. Mjukuu wa mzee, Renatus, mtoto wa Recheli, alikuwa na miaka miwili na nusu sasa. Mzee alimjua kwa kumpapasa masikio. Juzi kwenye simu mzee alimuuliza Recheli kama mtoto amefanana na nani, na Recheli akamjibu, “Baba, utajionea mwenyewe mwezi wa sita, wiki ya tatu.” Alikuwa ameahidi kwa kinywa chake, akaitaja mpaka wiki.

Akaandika L. Akaendelea.

Xavery alikuwa U, M, A, J. Apolinaria J, U, M, A. Abdulatifu, aliyekuwa anamaliza usiku wa mwezi huu, alianza na M, kisha J, J, na U mwishoni. Visanduku ishirini na vinne, vyote vimejaa. Recheli akalichapisha, akalitazama, akaona ni zuri. Mistari ilikuwa imenyooka. Kila mtu amepata haki yake, kila aliyetoka usiku amepumzika wiki iliyofuata. Kwa upande wa kwenda, ukisoma jina kwa jina kutoka kushoto, hapakuwa na kosa.

Lakini jedwali lina tabia moja ambayo aya haina: linasomeka pia kwa kushuka. Recheli akachukua penseli ahesabu chini ya kila wiki, kwa sababu barua ya wakubwa ilitaka idadi. Wiki ya kwanza, asubuhi wawili, jioni wawili, usiku mmoja, mapumziko mmoja. Wiki ya pili vivyo hivyo. Wiki ya tatu, asubuhi wawili, jioni wawili, mapumziko mmoja, likizo mmoja. Usiku...

Akahesabu tena. Akashuka na ncha ya penseli, jina baada ya jina, kama anayemtafuta mbuzi aliyepotea zizini. Wiki ya tatu haikuwa na U. Kuanzia tarehe kumi na tano hadi ishirini na moja, jua likizama, wodi ile ingebaki na wagonjwa na taa.

Kwanza alidhani amekosea yeye. Akarudi kwenye karatasi, akasoma kwa kidole. Ukurasa wa kwanza, aya ya Xavery: “Wiki ya tatu aingie asubuhi, kwa kuwa usiku yupo Abdulatifu.” Ukurasa wa tatu, aya ya Abdulatifu: “Wiki ya tatu abaki jioni, kwa kuwa usiku yupo Xavery.” Recheli alicheka peke yake, kicheko kifupi. Matroni alikuwa ameandika aya moja Jumatatu na nyingine Jumatano, na kila mmoja alikuwa ameachiwa kwa kutegemea mwenzake. Katika sentensi, uongo ule ulikaa raha mstarehe, umetenganishwa na ukurasa mzima na ushauri wa viatu.

Kisha kicheko kikamkauka, maana alianza kutafuta nani atie mguu pale. Mektilda, shinikizo la damu. Julieth, tumbo. Apolinaria ndiyo kwanza anatoka usiku wa wiki ya pili. Abdulatifu anauingia wiki ya nne, na wiki mbili mfululizo Matroni haruhusu. Xavery ameshafanya wiki ya kwanza, na sheria ya kituo ilikuwa usiku mara moja kwa mwezi. Alibaki mtu mmoja mwezi mzima asiye na U hata moja, mzima wa afya, asiye na cheti wala tumbo. Alikuwa mume wake.

Recheli alikaa na penseli ile mdomoni. Alimwona mzee akishika mlango wa nyumba yake Igunga, kanzu imeshafuliwa, akingoja mwana ambaye haji. Hasira zikampanda, na hakujua amkasirikie nani. Wakubwa na jedwali lao. Kama wangeacha sentensi zibaki sentensi, shimo lile lingefunguka tarehe kumi na tano yenyewe, Festo akiwa ameshafika Nzega, na mwingine angelitafutia dawa.

Ndipo wazo lilipomjia, nalo lilikuja limejipanga vizuri kuliko lilivyopaswa. Xavery angetolewa asubuhi ya wiki ya tatu, akapewa U. Wiki ya nne angepata M. Wiki ile ya nne ilikuwa na watu watatu asubuhi, mmoja wa ziada, kwa hiyo Apolinaria angesogezwa jioni kuziba nafasi yake. Wiki ya tatu asubuhi ingebaki na Julieth peke yake, lakini asubuhi Matroni mwenyewe huwa yupo. Herufi tatu tu. Wakubwa wangehesabu kwa kushuka, wangeona usiku mmoja kila wiki, wangetia muhuri. Na Xavery hangesema neno. Xavery alikuwa kijana wa aina ile isiyosema neno, na wasiolalamika ndio wanaobebeshwa siku zote.

Akabadilisha herufi tatu. Zilipendeza.

Mlango ukagongwa, na nani aingie kama si Xavery, na mfuko wa karanga za kuchemsha.

“Dada Recheli, nasikia mwezi huu tunatiwa kwenye visanduku,” alisema, akimwaga karanga nusu juu ya meza bila kuombwa. “Mimi umenitia wapi?”

“Ulipoandikwa.”

“Basi sawa. Matroni akiniandika najua nimelala salama.” Akamenya moja, akala. “Mwambie Festo, mzee akishafunguliwa macho, nakwenda Igunga kula mbuzi. Asije akaona mchana halafu akajifanya hanioni.”

Akaondoka anacheka. Recheli alizitazama zile karanga kwa muda mrefu, na hakula hata moja. Kisha akabonyeza kurudi nyuma mara tatu. Herufi zikarejea moja moja mahali pake, A, J, A, na safu ya wiki ya tatu ikarudi kuwa na kasoro yake ile ile. Alijisikia vibaya, kisha alijisikia mwepesi, kisha vibaya tena. Siku hiyo alirudi nyumbani mapema, na Festo alipomuuliza kwa nini ugali umekuwa mgumu alimwambia ale hivyo hivyo.

Ijumaa asubuhi aliingia kwa Matroni na kompyuta mkononi na karatasi za sentensi kwapani.

“Shikamoo, Mama.”

Matroni aliinua macho. “Marahaba. Leo mimi si mpagazi? Kuna nini?”

Recheli akaweka kompyuta mezani, akamwonyesha kwanza zile aya mbili, ukurasa wa kwanza na wa tatu, kidole kimoja huku na kingine kule. Kisha akamwonyesha safu. Matroni alisoma aya ya Xavery, akasoma ya Abdulatifu, akavaa miwani vizuri, akasoma tena. Mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akashika ubavu.

“Kwa hiyo nimewasukumia wagonjwa wangu Xavery asiyekuwepo na Abdulatifu asiyekuwepo.”

“Wote wawili wamelala kwao, Mama.”

“Na visanduku ndivyo vilivyoniumbua.” Alipangusa macho, kisha uso wake ukaanza kurudi kazini. Recheli alimwona akipita njia ile ile aliyoipita yeye jana: Mektilda, Julieth, Apolinaria, akatikisa kichwa kila jina. Kidole kikasimama kwenye mstari wa Festo. Hakikuondoka. Nje mgonjwa mmoja alikuwa anabishana na mlinzi kuhusu baiskeli.

“Recheli,” alisema Matroni, kwa sauti ya chini, “wewe hili umelijua tangu jana.”

“Nimelijua.”

“Na ungeweza kuliziba, usiniambie.”

“Nililiziba. Nikalizibua.”

Matroni hakuuliza alilizibaje. Alikuwa mfawidhi wa wauguzi kwa miaka kumi na moja, alijua vitu watu wanavyovifanya na kuvifuta. “Mzee atapasuliwa lini hasa?”

“Tarehe kumi na sita anapokewa. Kumi na saba anapasuliwa. Baada ya hapo dawa siku kadhaa.” Recheli akaona hana sababu ya kuficha. “Mama, nilimwahidi. Mwaka jana alivaa kanzu akakaa nayo siku tatu. Sitaki kumpigia simu tena. Naogopa kumpigia.”

Matroni akashusha pumzi. Alikitazama kisanduku cha Festo kana kwamba kingeweza kuongezeka upana. “Nitafanyaje, mwanangu? Hakuna mwingine. Wamekwisha wote.”

Hapo ndipo Recheli, aliyekuja bila mpango wowote isipokuwa ukweli, alipoziangalia zile karatasi tatu na kuona kitu ambacho hakuwa amekiona. Aya sita. Kila mmoja ametajwa na mguu wake, shinikizo lake, baba yake, saa yake. Mwandishi hakujitaja popote. Kinyozi hajinyoi, ni kweli, lakini huyu alikuwa hajajinyoa miaka kumi na moja.

“Hawajakwisha wote,” alisema.

Akasogeza mshale kwenye kisanduku cha mwisho kabisa, cha Abdulatifu wiki ya nne, akabonyeza kitufe cha Tab, na mstari mpya ukafunguka chini yake, mtupu. Kwenye safu ya majina akaandika: Eustadia Lugembe.

Matroni akatazama. “Hicho nini?”

“Mpagazi amefika Ugogo,” alisema Recheli. “Hapa hapapitiki bila ushuru. Ushuru wa mwezi huu ni wiki moja.”

Akaandika A, akaandika A, na kwenye wiki ya tatu akaandika U.

Yalikuwa makubwa. Mfanyakazi mwingine yeyote pale angeonekana amevunja heshima, na huenda angeandikiwa barua. Lakini mtani ni mtani, na Matroni alilijua hilo kabla Recheli hajazaliwa. Akaangalia jina lake.

“Umeniweka chini ya Abdulatifu.”

“Nafasi ilibaki hapo.”

“Miaka kumi na moja sijaingia usiku.”

“Ndiyo maana hujui kwamba ile taa ya korido imeungua.”

Matroni akacheka tena, safari hii kidogo, akakokotoa. Julieth angeweza kushika ofisi mchana. Mhudumu wa usiku alikuwa mtu mzima mwenye akili. Mikono yake mwenyewe ilikuwa bado inajua kupata mshipa wa mtoto gizani. “Haya,” akasema. “Haya, mtoza ushuru. Umenipata barabarani. Festo aende, na mzee afunguliwe macho. Sasa wiki ya nne niandike A, tumalize, saa sita inakuja.”

Recheli hakuandika A. Aliandika M.

“Nimesema A.”

“Nimesikia.” Recheli akageuza karatasi ya kwanza ya zile sentensi, akaweka kidole kwenye mistari ya juu kabisa, iliyokuwa haibadiliki mwezi hata mwezi, na akasoma kwa sauti ya shuleni: “‘Yeyote atakayetoka usiku apumzike wiki nzima, wala nisimwone getini.’ Hapa hapakuandikwa isipokuwa Eustadia. Na wiki ya nne asubuhi wapo watatu, Mama. Mektilda, Festo, Apolinaria. Hesabu mwenyewe, kwa kushuka.”

Matroni akahesabu kwa kushuka. Mmoja, wawili, watatu. Wodi ilikuwa imejaa bila yeye. Nadhani hilo ndilo lililomchoma na kumpoza kwa wakati mmoja, maana alipoongea tena alikuwa haongei na Recheli hasa.

“Tarehe ngapi hiyo?”

“Ishirini na mbili hadi ishirini na nane.”

“Treni ya Kigoma inapita hapa siku gani siku hizi?”

Recheli hakujua, na alisema hajui, na kwamba angeuliza stesheni kabla ya chakula cha mchana. Matroni aliichukua ile picha, akaifuta kioo kwa upindo wa gauni lake jeupe ingawa hakikuwa na vumbi. “Watoto wa miezi saba wanaogopa wageni,” alisema. “Ataniona ataanza kulia.”

“Atalia siku moja. Wiki ina saba.”

Jedwali lilitumwa saa tano na nusu, majina saba pembeni, wiki nne juu, idadi chini ya kila safu. Wakubwa walijibu kwa neno moja, kwamba limepokelewa. Recheli alitoka nje akampigia simu Mzee Ngollo, akamwambia kanzu ifuliwe. Mzee akamwambia alishaifua, na kwamba safari hii ameificha ili watu wasimcheke.

Aliporudi alimkuta Matroni amesimama mbele ya ubao wa matangazo, amebandika jedwali, na pembeni yake amebandika karatasi zake tatu za sentensi, zikiwa zimesahihishwa kwa kalamu. Wauguzi walikuwa tayari wamekusanyika, na wote, hata Julieth na tumbo lake, walikuwa wamejaa upande wa sentensi. Jedwali lilikuwa limesimama peke yake kama bwana harusi aliyewahi kufika.

“Kuna upungufu,” Matroni alimwambia. “Watu sita wana aya. Mimi nina herufi nne tu. Umenitia kisandukuni, sasa niandikie na maneno.”

“Mimi?”

“Nani mwingine? Mtu hajiandikii mwenyewe. Tumeona kinachotokea.”

Basi Recheli alikaa, na ilimchukua muda kuliko jedwali lote. Alifuta mara nyingi. Mwishowe akaichapisha, akampelekea, na Matroni akaisoma kwa kusimama, miwani ikiwa puani:

“Eustadia, ambaye amewapumzisha watu wote wa kituo hiki mpaka akasahau kwamba naye ni mtu, aingie asubuhi wiki mbili. Wiki ya tatu ashike usiku, ili mzee mmoja wa Igunga amwone mjukuu wake. Wiki ya nne apande treni, ili naye amwone wa kwake. Afume kofia nyingine kubwa zaidi. Akionekana getini, mlinzi amrudishe.”

Wenzake walingoja aibandike. Abdulatifu alikuwa ameshashika pini. Matroni aliisoma tena kimya, kisha akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya mkoba wake pamoja na simu na leso.

“Hii si ya ukutani,” alisema, akaenda kutafuta uzi.